Mradi wa maji unafungwa 30 Juni, ripoti inasema wanufaika 15,500. Hawa watu wamehesabiwa vipi?

Karani wa Kanda (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa watu waliowahi kufunga mradi.

Mimi ni afisa ufuatiliaji na tathmini. Nimeingia kwenye huu mradi Februari, baada ya aliyekuwepo kupata kazi kwingine. Ni mradi wa maji vijijini, vijiji 8 vya wilaya moja mkoani Dodoma, umeenda miaka mitatu na fedha zinaisha 30 Juni. Shirika na mfadhili nisiwataje. Mshauri mwelekezi wa tathmini ya mwisho anaingia wiki mbili zijazo, na meneja anataka jedwali la viashiria liwe limeshajazwa kabla hajafika.

Kwenye bangokitita, lile jedwali la malengo ya mradi, kuna viashiria kibao, ila vinavyoninyima usingizi ni vitatu. Cha kwanza: watu 15,000 wapate maji safi ya uhakika. Ripoti ya robo iliyopita inasema 15,500, yaani tumevuka lengo. Cha pili: kaya zinazoteka maji ndani ya dakika 30 zifike asilimia 70. Mwanzo wa mradi zilikuwa asilimia 22, utafiti wa mwisho uliofanyika Machi mwaka huu umeleta 74. Cha tatu: asilimia 90 ya vituo vya kuchotea vifanye kazi. Ripoti inasema 100.

Kwa macho ni mradi uliofaulu kuliko yote niliyowahi kuona. Shida ni kwamba nimetafuta faili lenye majina au hesabu ya hao 15,500, sijalipata. Meneja anasema "weka zilizopo, mbona wenzako walikuwa wanaweka". Nifanyeje?

Mchumi wa Kijiweni

Mkuu, mbona hilo jepesi. Una vituo vingapi? Bila shaka 62. Zidisha kwa 250, unapata 15,500. Sera ya Maji ya 2002 inasema kituo kimoja kihudumie watu 250, ndani ya mita 400, lita 25 kwa mtu kwa siku. Wote tunatumia hiyo, serikali na mashirika. Jaza jedwali ulale.

Karani wa Kanda

Ni 62 kweli! Umejuaje?

Mchumi wa Kijiweni

15,500 gawanya kwa 250. Nimekaa sana kwenye hizi kazi.

Bibi Dira

Mchumi, sera umeinukuu sawasawa, ila umeitumia kichwa chini. 250 ni kikomo cha usanifu. Mhandisi anapochora mtandao anaambiwa asiweke zaidi ya watu 250 kwa kituo kimoja ili foleni isije ikawa ndefu. Hakuna mahali sera inaposema kila bomba likisimikwa watu 250 wameshachota. Ukizidisha hivyo unakuwa umehesabu mabomba mara mbili kwa majina mawili tofauti, mara moja kama mabomba na mara ya pili kama watu.

Karani, mwanangu, kabla sijasema zaidi nipe kijiji kimoja. Kina vilula vingapi, yaani hivyo vituo vya kuchotea, rejista ya kijiji ina watu wangapi, na dira ya maji ipo au haipo?

Mama Vifaranga

Jamani na sisi Kilosa mradi wetu wa kuku umeisha fedha, mfadhili ameondoka kabla hata hatujapata mashine ya kutotolea. Karani huyo mfadhili wako anapokea maombi mapya? Nitumie namba zake.

Karani wa Kanda

Mama pole sana, ila mimi si mwenye fedha, nami naondoka 30 Juni na virago vyangu 😅

Bibi, shikamoo. Kijiji cha kwanza kwenye orodha: vilula 9, rejista ya mtendaji ina watu 1,640. Dira ipo kwenye bomba linalotoka tenkini. Za kwenye vilula nyingi zimekufa. Chombo cha watumiaji maji kina daftari wanaloandika usomaji kila mwisho wa mwezi, fundi wao ni mtu makini.

Bibi Dira

Marahaba. Vilula 9 mara 250 ni watu 2,250. Kijiji kina watu 1,640. Kwa hiyo ripoti yenu imewapa maji watu 610 ambao hawajazaliwa. Ukitaka kujua kama tatizo ni la kijiji hiki tu, jumlisha rejista za vijiji vyote 8 ulinganishe na lile lengo la 15,000.

Kisha lete usomaji wa dira wa mwezi mmoja wa kiangazi na mwezi mmoja wa mvua.

Karani wa Kanda

Nimejumlisha. Vijiji vyote 8 kwa rejista ni watu 14,200. Nimekwenda hadi kwenye andiko la mradi la mwanzo: vituo 60 vilivyopangwa mara 250 = 15,000. Yaani lengo lenyewe lilizidi idadi ya watu tangu siku ya kwanza na hakuna aliyeguna.

Usomaji wa dira: Septemba mwaka jana mita za ujazo 540. Februari mwaka huu 308.

Mchumi wa Kijiweni

Ngoja, msihukumu haraka. Watu wa vijiji jirani nao wanakuja kuchota. Na wafugaji wanapita. Rejista ya kijiji si mwisho wa dunia, na zenyewe nyingi zimechakaa.

Bibi Dira

Hapo una hoja. Ndiyo maana napenda kuanza na maji yenyewe, maana lita haijali mtu ametoka kijiji gani.

Septemba: mita za ujazo 540 ni lita 540,000. Gawanya kwa siku 30, lita 18,000 kwa siku. Kwa kipimo cha sera cha lita 25, hayo ni maji ya watu 720. Ukisema yamewafikia wote 1,640, basi kila mmoja amepata lita 11, nusu ndoo na tone. Chagua mojawapo, lakini huwezi kusema watu wote wamepata kiwango cha sera. Na 2,250 haipatikani kwa njia yoyote.

Februari: lita 308,000 kwa siku 28 ni lita 11,000 kwa siku. Maji ya watu 440. Usishtuke, mvua zikinyesha Dodoma watu wanarudi kwenye malambo na maji ya bati kwa sababu ni bure. Wanakuja kilulani kununua ndoo moja ya kunywa, wengine hata hiyo hawanunui. Kwa afya hilo ni jambo la kusikitisha, ila kwa hesabu ni jambo la kawaida.

Angalizo: dira yako iko tenkini. Inachokisoma ni maji yaliyotoka, na yaliyovuja njiani yamo humo humo. Lete daftari la mauzo la Septemba.

Karani wa Kanda

Ndoo ya lita 20 ni shilingi 50. Mapato ya Septemba yameandikwa 610,000.

Bibi Dira

610,000 kwa 50 ni ndoo 12,200. Mara lita 20, mita za ujazo 244. Dira inasema 540, pesa inasema 244. Zaidi ya nusu ya maji haijulikani ilikoenda. Inaweza kuwa mivujo, inaweza kuwa maji ya bure, inaweza kuwa mtunza kilula ana mfuko wa pili. Usimtaje mtu mpaka ujue.

Fanya kipimo cha usiku. Omba fundi afunge vilula vyote, saa 4 usiku asome dira, asome tena saa 10 alfajiri. Kinachopita wakati hakuna anayechota ni mvujo. Ni kazi ya tochi na kalamu, haihitaji bajeti.

Mwana wa Kongwa

Mimi si mtaalamu, mimi ni mwanakijiji, na kwetu walikuja vijana na tableti. Niwaambie kilichotokea upande wetu wa dodoso.

Alifika binti mstaarabu sana, na fulana yenye nembo ya mradi. Akauliza mama yangu: "Mnatumia maji ya bomba la mradi?" Mama akasema ndiyo. Sisi bomba hilo tunaliangalia tu, kilula chetu kina mgogoro na mtunza, kinafunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 3, wakati huo sisi tuko shamba. Nikamuuliza mama baadaye mbona umesema hivyo. Akaniambia, "Ukisema hapana, wakileta awamu ya pili kijiji chetu kitaachwa." Kitongoji kizima kilijibu hivyo. Mwenyekiti alishapita jioni yake kutukumbusha tusiwaangushe wageni.

Jirani wa Yala

Salamu kutoka Siaya. Uzi huu umenikumbusha nyumbani kwangu. Sisi tuko karibu na Sauri, kijiji cha kwanza cha ule mradi mkubwa wa Vijiji vya Milenia wa kina Jeffrey Sachs, 2005 hadi 2015. Kulikuwa na mbolea, vyandarua, zahanati, chakula cha shule, maji, kila kitu kwa pamoja. Tanzania walikuwa Mbola huko Tabora, Uganda walikuwa Ruhiira.

Ripoti za katikati zilisema mengi yamepanda Sauri, hata umiliki wa simu za mkononi. Wachumi wawili, Michael Clemens na Gabriel Demombynes, wakauliza swali moja tu: na kwa majirani je? Wakachukua takwimu za kitaifa za maeneo ya vijijini ya Kenya, wakaona simu zilipanda kila mahali miaka hiyo. Hakuna mtu Nyanza aliyehitaji mradi ili anunue simu.

Mwaka 2012 likaja kubwa zaidi. Makala ya mradi katika jarida la Lancet ilidai vifo vya watoto kwenye vijiji hivyo vilishuka mara tatu ya kasi ya kitaifa. Ikaonekana kasi ya kitaifa waliyolinganisha nayo ilichukuliwa kwenye kipindi kisicholingana, na dai hilo wakalifuta.

Tathmini ya mwisho ilitoka 2018. Walipima matokeo 40 kwenye vijiji vya nchi 10, wakalinganisha na vijiji visivyokuwa na mradi. Katika 30 kati ya hayo 40, vijiji vya mradi vilikuwa mbele ya vingine. Lakini malengo waliyojiwekea yalifikiwa kama theluthi moja tu. Kwa hiyo mradi huo huo, mtu mmoja akisema ulifaulu ana haki, mwingine akisema ulishindwa ana haki pia.

Karani wa Kanda

Asante jirani. Hiyo theluthi moja imenifungua macho. Mimi nilidhani kufikia kiashiria na kuleta mabadiliko ni kitu kimoja.

Mchumi wa Kijiweni

Basi mkuu fanya hivi: rudia utafiti wa kaya kabla ya mshauri kufika. Kaya 384. Hiyo namba haikosei, iko kwenye kila kitabu cha utafiti.

Bibi Dira

384 inatoka kwenye hesabu ya sampuli nasibu, kila kaya ikiwa na nafasi sawa ya kuchaguliwa mmoja mmoja, na ukubali kukosea pointi 5 juu au chini. Nyie mlichagua vitongoji, kisha mkachukua kaya nyingi ndani ya kila kitongoji, sivyo? Kaya za kitongoji kimoja zinachota kilula kimoja. Kikiharibika, zote zinajibu vilevile. Ukihoji kaya 20 hapo hujapata maoni 20 yanayojitegemea. Kwa kawaida tunazidisha sampuli mara mbili kufidia hilo, na hiyo mara mbili ni makadirio tu.

Karani, utafiti wa mwanzo ulihoji kaya ngapi, na ulifanyika mwezi gani?

Karani wa Kanda

Kaya 120, Oktoba. Wa mwisho kaya 384, Machi.

Bibi Dira

Ndiyo niliyokuwa naogopa. Kaya 120 kwa vitongoji, ile asilimia 22 ina ukungu wa kama pointi 10 kila upande. Inaweza kuwa 12, inaweza kuwa 32. Huwezi kuusafisha leo kwa kuhoji hata kaya 1,000, kwa sababu ukungu uko upande wa mwanzo. Hata hivyo kutoka 22 kwenda 74 ni hatua kubwa, ukungu huo peke yake hauwezi kuifuta.

Kinachoweza kuifuta ni mwezi. Oktoba ni mwisho wa kiangazi: makorongo yamekauka, watu wanachimba mchangani. Machi lambo liko nyuma ya nyumba. Muda wa kuteka maji utapungua hata kwenye kijiji ambacho hakijawahi kuona mradi. Angalia mzaha wake: mvua hiyo hiyo iliyoshusha mauzo yenu ya Februari ndiyo iliyopandisha kiashiria chenu cha dakika.

Halafu kafungue madodoso yote mawili uyaweke pembeni kwa pembeni. Soma swali la dakika neno kwa neno.

Karani wa Kanda

Nimefungua. Nanukuu.

La mwanzo: "Ni dakika ngapi mnatumia kwenda kwenye chanzo kikuu cha maji, kupanga foleni, kuchota na kurudi nyumbani?"

La mwisho: "Ni dakika ngapi kutembea kutoka hapa hadi kituo cha maji cha karibu?"

Nimekaa chini.

Mwana wa Kongwa

Foleni imeyeyuka. Na kurudi nako kumeyeyuka. Wametembea kwenda tu, wakabaki huko huko 😂

Bibi Dira

Na kipimo cha kimataifa cha WHO na UNICEF cha huduma ya msingi ni dakika 30 kwenda na kurudi, foleni ikiwemo. Kwa hiyo dodoso la mwanzo ndilo lililokuwa sahihi. Inawezekana aliyetengeneza la pili alitaka kulifupisha ili mahojiano yasichoshe, sidhani kama alikuwa na nia mbaya. Lakini 22 na 74 ni majibu ya maswali mawili tofauti, hayatoani wala hayajumlishiki.

Mchumi wa Kijiweni

Sasa mnataka Karani aandike "mradi umeshindwa"? Kuna watu wana watoto. Meneja atamtoa roho. Halafu tukiwa wakweli, maji yapo! Mabomba yanaonekana! Kabla ya mradi watu walikuwa wanakunywa na ng'ombe.

Bibi Dira

Hakuna aliyesema umeshindwa. Hatujui bado. Na mshauri mwenye akili atagundua hesabu ya 62 mara 250 asubuhi ya siku ya kwanza, kama ulivyoigundua wewe ukiwa umekaa kijiweni. Ni afadhali aikute imeshaandikwa na Karani kuliko aiandike yeye.

Karani wa Kanda

Wakuu nimerudi. Nilizunguka vijiji vyote na fundi wa wilaya. Ruhusa nilimwomba meneja kwa maandishi, akakubali shingo upande.

Vituo: kati ya 62, siku tulizopita 51 vilikuwa vinatoa maji. Hiyo ni asilimia 82, chini ya lengo la 90. Ile 100 ilikuwa idadi ya vituo vilivyokabidhiwa, kuna hati za makabidhiano zote zimesainiwa. Katika 11 visivyotoa, vitano ni bomba limepasuka au koki imevunjika, vinne ni jenereta kukosa dizeli, viwili vimefungwa kwa kufuli tu, watu wamegombana.

Kipimo cha usiku, kijiji cha kwanza: toka saa 4 hadi saa 10 alfajiri dira ilisogea mita za ujazo 1.8, vilula vyote vikiwa vimefungwa.

Kijiji cha pili nilichochagua kina pampu ya sola. Vilula 6, watu 2,310. Septemba dira ilisoma 1,290.

Bibi Dira

Umefanya kazi. Twende.

Lita 1,800 kwa saa 6 ni lita 300 kwa saa, 7,200 kwa siku, mita za ujazo 216 kwa mwezi. Usiku msukumo wa maji mabombani ni mkubwa, kwa hiyo mvujo wa mchana huenda uko chini kidogo ya hapo, na tunachukulia kwamba Septemba ulikuwa kama wa sasa. 540 toa 216 inabaki 324. Zilizolipiwa ni 244. Kuna kama 80 hazina mwenyewe.

Kwa kijiji hicho basi, maji yaliyowafikia watumiaji yanatosha watu kati ya 325 na 430 kwa kiwango cha sera. Ripoti ilisema 2,250.

Sasa kile cha sola: lita 1,290,000 kwa siku 30 ni lita 43,000 kwa siku, maji ya watu 1,720 kabla ya kutoa mvujo. Zidisho la Mchumi lingetoa 1,500. Yaani pale ripoti ilipunguza! Ndiyo maana siipendi hiyo hesabu. Kama ingezidisha kila mahali ningeweza kuirekebisha kwa kupunguza. Inakosea huku na kule, inawaficha waliofanya vizuri na kuwabeba walioharibu.

Mchumi wa Kijiweni

Hapo kwenye sola nimekubali, umenigonga. Lakini 80 zisizo na mwenyewe, ongeza kwa watu. Kuna wazee na wagonjwa wanachotewa bure, kamati nyingi zina utaratibu huo.

Karani wa Kanda

Wazee wapo kwenye daftari la msamaha, kaya 14. Lakini nilisahau kusema: juu ya kilula namba 3 kuna birika la mifugo limeungwa kabla ya vilula. Halina dira. Nilipopita asubuhi kulikuwa na ng'ombe wengi, sikuwahesabu.

Bibi Dira

Basi sehemu kubwa ya hizo 80 ni ng'ombe, na wenye ng'ombe hawalipi. Andika hivyo hivyo, kwamba birika halina dira na kiasi chake hakikupimwa. Kiashiria kinasema watu, kwa hiyo usiwahesabie watu. Ila usiandike kama ni hasara, mifugo ndiyo akiba ya hao watu.

Jirani wa Yala

Na vijiji vya kulinganisha je? Bila hivyo utarudia kosa la Sauri.

Bibi Dira

Jirani, hapo tutatofautiana. Kwa dakika za kuteka maji nakubali kabisa, linganisho linahitajika kwa sababu mvua inagusa wote. Kwa lita za kilula ambacho hakikuwepo kabisa, jirani ataniambia nini? Bila mradi pale pangekuwa na sifuri.

Jirani wa Yala

Si lazima iwe sifuri. Kama serikali ilikuwa na mpango wa kuchimba hapo, mradi umeharakisha tu kwa mwaka mmoja au miwili. Karani, uliza RUWASA, wale wakala wa serikali wa maji vijijini, hapo wilayani kama vijiji hivyo vilikuwa kwenye mpango wao, na kama vijiji vilivyo nje ya mradi vimepata maji miaka hii mitatu.

Karani wa Kanda

Niliuliza kwa simu. Vijiji viwili kati ya 8 vilikuwa kwenye mpango. Na kuna vijiji vitatu jirani vimepata visima kutoka serikalini ndani ya kipindi hicho hicho.

Bibi Dira

Basi nimepunguza sauti. Viwili hivyo vitaje kwenye ripoti.

Mama Vifaranga

Na sisi tulihesabiwa wanufaika 400 wa kuku, wakati vifaranga vyenyewe vililetwa 300. Nilikuwa sijui kumbe ni ugonjwa wa wote.

Karani wa Kanda

Rasimu ninayompelekea meneja kesho ni hii, naomba mnikosoe.

Kiashiria cha kwanza: "Lengo la 15,000 liliwekwa kwa kuzidisha vituo 60 kwa kikomo cha usanifu cha watu 250, na linazidi idadi ya watu wa vijiji vya mradi (14,200). Ripoti zilizopita zilitumia njia hiyo hiyo. Kwa vijiji viwili vilivyopimwa kwa dira, Septemba, maji yaliyotolewa yanatosheleza watu 325 hadi 430 kati ya 1,640, na si zaidi ya 1,720 kati ya 2,310. Vijiji sita vilivyobaki havijapimwa." Kiashiria cha pili: "Hakiwezi kulinganishwa. Swali na msimu vilibadilika." Cha tatu: "Asilimia 82 siku ya ukaguzi, Mei."

Lengo la awali nimeliacha kwenye safu yake kama lilivyo, na maelezo pembeni. Meneja alitaka nilibadilishe liwe 12,000 ili tulikaribie.

Bibi Dira

Usilibadilishe. Lengo likibadilishwa mwezi wa mwisho bila barua ya mfadhili, hilo ndilo litakaloandikwa ukurasa wa kwanza.

Mawili ya kuongeza. Kwenye kiashiria cha tatu, toa vile viwili vya kufuli kwenye kundi la vilivyoharibika uviandike peke yake, dawa yake ni kikao na wala si spana. Kwenye cha pili, pendekeza kaya zile zile za Machi, au sehemu yake, zihojiwe Oktoba kwa dodoso la mwanzo, na vijiji vichache vya jirani viingie. Mfadhili anaweza kutoa nyongeza ya muda bila fedha za ziada, lakini mtu wa kuhoji Oktoba lazima awe na posho. Kaulizeni mapema kama salio la mafuta linaweza kuhamishwa.

Mchumi wa Kijiweni

Meneja hatasaini hiyo.

Mwana wa Kongwa

Akisaini mtuambie. Na wakija Oktoba, wavae fulana za kawaida, na mwenyekiti wasimwambie siku.

Karani wa Kanda

Hajasaini bado. Amesema nimpelekee kwanza daftari la dira la ule mradi wa sola alione mwenyewe, na ameniuliza kama naweza kupima vijiji vingine sita kabla ya mshauri kufika. Vitatu kati yao havina dira kabisa. Bibi, kule nitumie nini, ndoo na saa ya mkononi?

Bibi Dira

Ndoo na saa, ndiyo. Kaa kilulani toka kinafunguliwa mpaka kinafungwa, hesabu ndoo na madumu, andika ukubwa wake. Siku mbili kwa kila kijiji, moja iwe ya gulio na nyingine ya kawaida. Utapata picha ya Mei tu, mvua zikiwa zimekata majuzi na malambo bado yana maji, kwa hiyo usiiite ya kiangazi. Na mpe mtunza kilula soda, maana atakuona unamchunguza.